CHAKULA CHA SAFARI NA GLASIERI: BARAFU KIASI GANI, KWA SAA NGAPI?



Asubuhi mapema, pale bisi za Likasi na Kolwezi zinapojaza watu, angalia mizigo ya wasafiri. Utaona magunia, mabidoni, mabegi, na mara nyingi utaona pia ile sanduku ya plastiki yenye kifuniko, ambayo sisi wote tunaiita glasieri. Mama ameiweka kwa miguu yake. Ndani mna kuku, samaki, pengine chungu kidogo cha wali. Mama ametulia, kwa sababu chakula kiko “katika baridi”.

Lakini je, kiko katika baridi kweli? Na baridi hiyo itadumu mpaka saa ngapi? Hapo ndipo jamaa nyingi zinadanganyika. Leo ukurasa wetu utafanya hesabu ya jambo hili pamoja nanyi. Si hesabu ngumu. Anayejua kupima unga wa bukari ataiweza.

GLASIERI SI FRIGO

Jambo la kwanza la kushika ni hili: glasieri haifanyi baridi. Frigo ina motere, nayo inatoa joto la chakula na kulitupa nje. Glasieri haina motere. Ni ukuta tu, mnene, uliojaa povu kavu ndani, unaozuia joto la nje lisiingie upesi. Ukitia kitu cha baridi, kitakaa baridi kwa muda. Ukitia kitu cha moto, kitakaa moto kwa muda. Ukitia kitu cha vuguvugu, kitakaa vuguvugu, na hiyo ndiyo hatari kubwa kuliko zote.

Kwa nini vuguvugu? Kwa sababu vijidudu vinavyoharibu tumbo vinapenda joto kama la mwili wetu. Shirika la Afya Duniani, OMS, linafundisha hesabu mbili za kukumbuka: chakula cha baridi kiwe chini ya digri 5, na chakula cha moto kiwe juu ya digri 60. Katikati ya hizo mbili, vijidudu vinazaana. Chakula kilichopikwa kisikae katikati hapo zaidi ya saa 2. Na siku ya jua kali, joto la hewa likipita digri 32, usihesabu saa 2, hesabu saa 1 tu.

Ona namna vinavyozaana. Katika joto vinalolipenda, kijidudu kimoja kinaweza kugawanyika na kuwa viwili kila dakika 20. Tuseme vijidudu 100 tu vimeanguka katika nyama. Baada ya saa 1 viko 800. Baada ya saa 2 viko 6.400. Baada ya saa 4 vimepita 400.000. Baada ya saa 6 vimepita milioni 26. Saa 6 ni safari ya kawaida ya bisi. Nyama uliyoifunga asubuhi si nyama ile unayoifungua saa sita ya mchana, hata kama rangi na harufu ni zilezile.

KIDOLE CHENYE KIDONDA

Hapa kuna neno linalotuhusu sisi watu wa mugodi na wa atelie. Mikono yetu hukatwa mara nyingi: bati, waya, jiwe, kisu. Katika kidonda chenye usaha hukaa kijidudu kinachoitwa stafilokoki. Hukaa vilevile katika pua ya watu wengi wenye afya nzuri. Baba mwenye kidole kilichokatwa anasaidia nyumbani, anapasua kuku aliyekwisha kupikwa, anampanga katika sahani. Kijidudu kimehamia kwa kuku. Kuku akikaa vuguvugu, kinazaana na kutoa sumu.

Na sumu hiyo haifi kwa moto. Hapo wengi wanakosea. Wanasema: “Tukifika tutachemsha tena.” Ukichemsha tena, kijidudu kinakufa, lakini sumu iliyokwisha kutolewa inabaki. Mtu akila, kwa kawaida kati ya nusu saa na saa 8 anaanza kutapika sana, tumbo linamkata, na kuhara kunafuata. Ukiona watu kadhaa waliokula sahani moja wanatapika pamoja katika bisi, fikiri kwanza jambo hilo.

Wali nao una mambo yake. Kuna kijidudu kinachojificha katika punje ya mchele kama mbegu kavu, na kuchemka kwa maji hakumwui. Wali ukikaa vuguvugu katika chungu, mbegu hiyo inaamka, inazaana, inatoa sumu nyingine isiyokufa kwa moto. Kwa sababu hiyo, katika safari ndefu, wali uliolala si rafiki.

Basi mwenye kidonda mkononi asipange chakula cha safari. Kama hakuna mwingine, afunge kidonda vizuri kwa pansema safi, kisha avae gla ya plastiki juu yake.

BARAFU INAFANYA KAZI WAKATI INAYEYUKA

Sasa tuje kwa barafu. Watu wanafikiri barafu ni nzuri wakati ni ngumu, na ikianza kuyeyuka imeharibika. Ni kinyume. Barafu inafanya kazi yake kubwa wakati ule inapoyeyuka. Joto linapoingia katika glasieri, barafu inalimeza, na kwa kulimeza inageuka maji. Muda wote barafu ingali imo, maji yake yako karibu na digri 0.

Kilo 1 ya barafu, mpaka iishe yote, inameza joto lingi ajabu: sawa na kushusha kilo 1 ya maji digri 80. Au kilo 2 digri 40. Au kilo 4 digri 20. Ukizidisha kilo kwa digri, ukipata 80, umemaliza kilo 1 ya barafu. Shika namba hiyo, 80. Chakula chenye majimaji, kama nyama na mchuzi, kinafuata hesabu hiyohiyo, kwa kukaribia.

Tuijaribu mara moja. Mama ana kilo 4 za chakula. Amezipika jioni, zimelala mezani, asubuhi ziko digri 25. Anataka zishuke mpaka digri 5. Ni digri 20. Kilo 4 mara 20 ni 80. Basi kilo 1 nzima ya barafu imekwisha kwa kupoza chakula tu, kabla ya kupigana na jua la njiani.

Mama mwingine ameamka saa kumi ya usiku, amepika, na chungu cha kilo 4 kimeingia katika glasieri kikitoka motoni, digri 85. Kukishusha mpaka digri 5 ni digri 80. Kilo 4 mara 80 ni 320. Ni kilo 4 za barafu! Kama alikuwa na kilo 3, zimekwisha zote, na chakula kimebaki vuguvugu katika sanduku lililofungwa vizuri. Huyo amejenga nyumba nzuri ya vijidudu.

Mama wa tatu alipika mapema, akapoza, akalaza chakula katika frigo. Asubuhi kiko digri 5. Barafu yake haikulipa kitu. Yote inabaki kwa kazi ya njia.

VIBAO VYA PLASTIKI AU CHUPA?

Dukani wanauza vile vibao vya plastiki vilivyojaa maji ya dawa au kitu kama mchuzi mzito, vya kugandisha katika kongelateri. Mmeviona pia kwa watu wa chanjo wanaopita katika makambi na makartie na sanduku zao kuchanja watoto. Ni vizuri kwa sababu ni bapa, vinapangika, na havimwagi maji. Lakini usifikiri vina nguvu ya ajabu. Kilo kwa kilo, maji matupu yaliyoganda yanafanya kazi sawa, na mara nyingi yanapita.

Tena, msiige kila kitu cha watu wa chanjo. Wao wanaacha kibao nje kidogo mpaka maji yaanze kucheza ndani, ndipo wanakitia katika sanduku, kwa sababu chanjo nyingine zinaharibika zikiganda. Kuku wako haharibiki kwa kuganda. Wewe toa kibao katika kongelateri na ukitie mara moja, kikiwa kigumu kabisa.

Asiye na vibao achukue chupa za plastiki za nusu lita. Azioshe, azijaze maji yaliyochemshwa na kupoa, lakini asizijaze mpaka juu. Maji yakiganda yanavimba, yanachukua nafasi zaidi karibu sehemu moja kwa kumi na moja. Acha nafasi ya vidole vitatu, ama sivyo chupa itapasuka. Faida ya chupa ni kwamba barafu ikiisha mna maji safi ya kunywa. Maji ya kibao hayanywewi. Kibao kikipasuka na kumwagikia chakula, chakula hicho mtupe.

Barafu ya kununua katika sashe njiani, itumie nje ya chakula tu. Usiitie katika kopo la mtoto. Kuganda hakuui vijidudu, na hujui maji yale yalichotwa wapi. Sisi wa jimbo hili tunaijua kolera, hatuhitaji kufundishwa.

PIMA GLASIERI YAKO NYUMBANI

Glasieri moja haifanani na nyingine. Ya ukuta mnene inashika, ile nyembamba inaachilia. Ile ambayo kifuniko chake kimepinda inaachilia zaidi. Kwa hiyo, kabla ya safari, pima yako. Inataka saa 4 tu.

Chukua kilo 2 za barafu iliyovunjwa, itie katika mfuko wa plastiki usiotoboka, funga. Weka katika glasieri, funga kifuniko, na iache mahali pa kivuli lakini pa joto, kama baraza wakati wa mchana. Usifungue. Baada ya saa 4, toa maji yaliyoyeyuka uyapime kwa chupa ya lita. Lita 1 ya maji ni kilo 1 ya barafu iliyokwisha. Ukipata lita 1 katika saa 4, glasieri yako inakula kilo robo kila saa. Ukipata nusu lita, una glasieri nzuri. Ukipata lita 1 na nusu, chunguza kifuniko, na ujue kwamba safari ndefu haiwezi.

Andika namba hiyo kwa wino chini ya glasieri. Ni namba yake ya kazi, kama vile nguvu ya kamba inavyoandikwa kabla ya kunyanyua mzigo.

SAFARI YA KOLWEZI, HATUA KWA HATUA

Tuchukue mfano. Jamaa ya watu watano inakwenda kwa arusi Kolwezi. Ni kilometa karibu 300 toka Lubumbashi, na Likasi iko njiani, kilometa kama 120. Glasieri yao ni ya lita 25, nayo, kwa kipimo, inakula kilo robo kwa saa. Ni mwezi wa kumi, jua kali kabla ya mvua.

Hesabu ya saa. Wanatoka nyumbani saa kumi na moja alfajiri. Wanategemea kufika saa sita ya mchana. Ni saa 7. Lakini anayejua njia haamini saa ya shofere. Bisi inachelewa kujaa, inasimama Likasi, pine inapasuka, lori limeziba njia. Waongeze saa 4. Jumla saa 11. Saa 11 kwa kilo robo ni kilo 2 na robo tatu. Wachukue kilo 3 na nusu, ili kulipia zile mara kifuniko kitakapofunguliwa.

Kilo 3 na nusu ni hivi: chupa 6 za nusu lita, kila moja ina gramu 450 hivi, ndiyo kilo 2 na gramu 700, na vibao 2 vya gramu 400. Jumla kilo 3 na nusu.

Siku mbili mbele. Safari ni Jumamosi. Alhamisi asubuhi wanatia chupa 3 katika kongelateri, jioni chupa 3 na vibao. Usitie zote kwa mara moja, frigo ndogo ya nyumbani itachoka, na umeme ukikatika usiku hutakuwa na kitu. Ijumaa jioni geuza kila chupa juu chini karibu na sikio. Ukisikia maji yanacheza katikati, bado haijaganda mpaka moyoni.

Ijumaa mchana wanapika: kuku wa kuchoma vipande, tomson wa kukaanga, mayai ya kuchemsha. Chakula kikitoka motoni hawakiachi katika chungu kirefu, kwa sababu katikati ya chungu kirefu joto linakaa usiku wote. Wanakitandaza katika sahani pana, unene usipite vidole vitatu, wanafunika kwa kitambaa safi juu ya inzi. Kikiacha kutoa mvuke kinaingia katika frigo, na saa 2 zisipite tangu kilipotoka motoni. Mayai wanayaacha na maganda yake, maana yai lililomenywa hushikwa na vijidudu vya mikono. Glasieri yenyewe wanaiweka usiku ndani ya nyumba mahali pa baridi, si nje jikoni karibu na mbabula, kwa sababu ukuta wenye joto nao unakula barafu.

Jumamosi, dakika 15 kabla ya kutoka, wanapanga. Chini wanalaza chupa 4. Juu yake masanduku madogo ya chakula yaliyofungwa, kwa mpango wa kula: kitakacholiwa mwisho kiwe chini, cha kwanza kiwe juu. Chupa 2 zinasimama kwenye pande. Vibao 2 vinalala juu kabisa, kwa sababu hewa ya baridi inashuka, haipandi. Nafasi tupu inayobaki wanaijaza na taulo kavu au karatasi ya gazeti, ili hewa isizunguke. Kisha kifuniko, na kamba juu yake. Juu ya kifuniko wanabandika karatasi: “Imefungwa saa 10.45 asubuhi.” Saa hiyo itatumika.

Maji ya kunywa, mikate, ndizi na karanga haviingii humo. Vinakwenda katika kapu lingine. Kila mara mtoto anapoomba maji na mama anafungua glasieri, hewa ya moto inaingia na barafu inalipa. Glasieri ifunguliwe kwa kula tu, mara moja au mbili katika safari.

Katika bisi. Usikubali glasieri ipande juu ya paa, chini ya jua. Usikubali vilevile iwekwe karibu na motere au katika sanduku la mizigo la chini linalopata moto. Ibaki kwa miguu yenu, upande wa kivuli. Asubuhi ukielekea magharibi jua liko nyuma, lakini mchana linageuka, kwa hiyo ifunike kwa bulangeti au vitenge viwili. Bulangeti halipashi joto hapo. Linazuia joto lisiingie, kama linavyozuia joto lako lisitoke usiku wa mwezi wa saba. Bisi ikisimama na watu wote wakishuka, usiiache ndani madirisha yamefungwa. Ndani ya gari lililosimama juani joto linapita la nje kwa mbali sana.

BISI IMEKUFA NJIANI

Tuseme bisi imepita Likasi, na mahali fulani imekufa. Saa nane ya mchana bado wako chini ya mti. Saa kumi bisi inaendelea, watafika magharibi. Chakula kilichobaki ni kizuri au hapana?

Usinuse. Pua haioni stafilokoki, wala ulimi hauioni. Angalia vitu viwili: barafu na saa.

Fungua kifuniko upesi. Shika chupa. Kama ndani ya chupa bado mna kipande cha barafu kinachogonga, na sanduku la chakula ni baridi mkononi kama limetoka katika frigo sasa hivi, chakula kiko salama. Funga tena.

Kama barafu yote ni maji, lakini maji yenyewe bado yanauma meno kwa baridi, imeisha karibuni tu. Kuleni sasa, msingoje kufika. Kile ambacho hakikuliwa kwa saa 2, na kwa jua la mwezi wa kumi kwa saa 1, kitupwe.

Kama maji ya chupa ni vuguvugu, hujui yamekuwa hivyo tangu lini. Hapo soma karatasi ya kifuniko na ufanye hesabu. Ukiwa na shaka, tupa kuku, samaki na mayai. Mkate, ndizi na karanga zinabaki, hizo hazikuhitaji barafu. Tunajua bei ya kuku. Tunajua pia kazi ya kutafuta dispanseri usiku, katikati ya njia, na mtoto anayetapika mikononi.

Anayeweza kununua termometa ndogo ya frigo ataipata kwa bei ndogo, na ataacha kubahatisha: digri 5 au chini, sawa. Termometa ya homa haifai, kwa sababu inaanza kuhesabu karibu na digri 35.

NA BUKARI YA MOTO?

Wengi watauliza: bila bukari na sombe tumekula kitu gani? Bukari ya moto na kitu cha barafu havikai nyumba moja. Kila kimoja kinaharibu kingine. Kama unataka kwenda na chakula cha moto, kitie kikichemka katika termosi pana iliyopashwa kwanza na maji ya moto, au funga chungu katika magazeti na bulangeti ndani ya kartoni. Lakini kiliwe katika saa 3 za kwanza, kingali kinachoma ulimi na kutoa mvuke mzito. Kikifika kuwa vuguvugu, saa inaanza kuhesabu dhidi yako. Kwa hiyo bukari ni chakula cha Likasi, si chakula cha Kolwezi.

WAZEE WA KASENGA WALIJUA

Mambo haya si mageni kwetu. Toka miaka ya 1920 wafanyabiashara Wagiriki walikaa Kasenga, juu ya mto Luapula, na samaki wa Luapula na wa ziwa Mweru waliletwa kwa malori mpaka Elisabethville, ndiyo Lubumbashi ya leo, ili kulisha wafanyakazi wa migodi. Wakati ule njia ilikuwa mbaya na frigo hazikuwa katika malori. Kilichofikisha samaki ni barafu.

Unaporudi leo toka Kasenga na samaki wabichi, wapasue, toa matumbo, waoshe kwa maji safi. Tandaza barafu iliyovunjwa chini, panga samaki mstari mmoja, barafu tena, samaki tena, na barafu juu ya vyote. Barafu ijae kila pengo, kwa sababu samaki anapozwa na barafu inayomgusa, si na ile iliyo mbali. Kwa safari ndefu ya joto chukua kilo 1 ya barafu kwa kilo 1 ya samaki, wala usiibane. Hapa maji yanayoyeyuka yasikae yakiogesha samaki. Inua samaki juu ya waya au vijiti, au fungua kizibo cha chini kama glasieri inacho.

Sheria moja haina msamaha: glasieri ya samaki mbichi au nyama mbichi si glasieri ya chakula kilichopikwa. Hata kwa matembezi ya siku moja, tuseme kwenda kuona maporomoko ya Lofoi kule Kundelungu na kuchoma nyama, nyama mbichi iwe katika sanduku lake. Damu yake ikidondoka juu ya mikate au saladi, barafu haitasaidia. Na sahani iliyobeba nyama mbichi isipokee nyama iliyoiva.

MTU AKIUGUA NJIANI

Anayetapika na kuhara anapoteza maji na chumvi. Msimzuie kunywa. Katika lita 1 ya maji safi tieni vijiko vidogo 6 vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vijiko vikiwa sawasawa, visivyorundikwa. Korogeni. Anywe kidogo kidogo. Akitapika, ngojeni dakika 10, aanze tena polepole. Mtoto anayenyonya aendelee kunyonya.

Mpelekeni kwa munganga bila kungoja kama kuna damu katika choo, homa kali, macho yaliyoingia ndani, mtoto aliyelegea au asiyekojoa. Choo kama maji ya mchele, kinachotoka kwa wingi bila kukoma, ni alama ya kolera: hapo hata saa moja ni nyingi. Mwambieni munganga watu wangapi walikula, walikula nini, saa ngapi. Karatasi ya kifuniko itawasaidia tena.

MKIFIKA

Chakula kilichobaki baridi kiingie katika frigo ya wenyeji mara moja, kabla ya salamu kuwa ndefu. Glasieri ioshwe kwa maji ya moto na sabuni, kifuniko na kizibo vilevile, ikaushwe kabisa, na iachwe wazi. Ikifungwa na maji ndani, ukungu utaota, na chakula cha kurudia kitaupata. Tena, usiku huohuo, omba nafasi katika kongelateri kwa zile chupa 6. Safari ya kurudi nayo ni kilometa 300.